Kuingia kunakubali, orodha inagoma: modi tulivu ya FTPS, kuta-moto na mfululizo wa poti za data

Dalili ya tatizo hili ni ileile karibu kila mara, na ndiyo inayowachanganya watu. Mtumiaji anafungua lftp, programu ya kuhamisha mafaili kwa FTPS, yaani FTP iliyosimbwa kwa TLS, kisha anataja seva, jina lake na nywila. Anaandika `cd ripoti` na amri inakubaliwa bila kinyongo. Kisha anaandika `ls`, na hapo chini ya skrini panatokea maneno `[Making data connection...]` ambayo yanakaa hapo bila kubadilika mpaka uvumilivu wake unakwisha. Nywila ni sahihi, cheti cha TLS kimekubaliwa, folda ipo, lakini orodha ya mafaili haiji. Mara nyingi msimamizi wa seva huambiwa kwamba seva imekufa, naye hujibu kwamba anaiona ikifanya kazi, na wote wawili huwa wanasema kweli.

Sababu ni kwamba FTP haitumii muunganisho mmoja, inatumia miwili. Wa kwanza ni mkondo wa amri, ambao kwa kawaida huenda kwenye poti 21 ya seva na hubeba jina, nywila, `CWD` na amri nyingine fupi pamoja na majibu yake. Wa pili ni mkondo wa data, ambao hufunguliwa upya kwa kila orodha na kwa kila faili, kisha hufungwa kazi inapokwisha. Amri ya `cd` hupita kwenye mkondo wa kwanza peke yake, ndiyo maana inafaulu. Amri ya `ls` inahitaji mkondo wa pili, na huo ndio uliozuiwa njiani.

Mpangilio huu ni wa zamani. Waraka wa RFC 959 ulioueleza ulitoka mwaka 1985, wakati ambapo kompyuta mbili kwenye mtandao ziliweza kupigiana simu moja kwa moja bila mlinzi katikati. Katika modi amilifu, mteja ndiye anayefungua poti kwake na kuiambia seva imwendee huko. Leo karibu kila mteja yuko nyuma ya ukuta-moto na ruta inayobadilisha anwani, kwa hiyo seva ikijaribu kumwendea hukuta mlango umefungwa. Modi tulivu iligeuza mwelekeo huo: mteja hutuma `PASV`, seva hufungua poti upande wake na kuitaja, kisha mteja ndiye anayekwenda. Hili liliondoa kikwazo upande wa mteja, lakini likauhamishia mzigo ukuta-moto wa seva, ambao sasa unatakiwa kuruhusu muunganisho mpya kwenye poti iliyochaguliwa sekunde ile ile.

## Jinsi ukuta-moto ulivyokuwa unajua, na kwa nini sasa haujui

Swali ambalo wasimamizi wengi huuliza ni hili: kama poti za data hazikufunguliwa kamwe, mbona FTP ya kawaida ilifanya kazi miaka yote, na imekufa siku tuliyowasha TLS?

Jibu liko ndani ya ukuta-moto wenyewe. Seva inapojibu `PASV`, jibu lake huwa na sura hii:

```
227 Entering Passive Mode (10,0,3,7,195,149)
```

Namba nne za kwanza ni anwani ya IP, na mbili za mwisho ni poti. Ili kuipata poti, unazidisha namba ya tano kwa 256 na kujumlisha ya sita: 195 mara 256 ni 49920, ukiongeza 149 unapata 50069. Seva inasema, kwa maneno mengine, "nakusubiri kwenye 10.0.3.7, poti 50069".

Kuta-moto nyingi zina kipande cha programu kinachosikiliza mazungumzo ya poti 21. Kwenye Linux kinaitwa `nf_conntrack_ftp`, na ndugu yake `nf_nat_ftp` hushughulikia ubadilishaji wa anwani. Kipande hiki kikiona mstari wa 227, hufanya hesabu hiyo hiyo ya kuzidisha na kujumlisha, kisha hukifungulia njia kimya kimya kile kimuunganisho kimoja kinachotarajiwa. Kama seva iko kwenye anwani ya ndani, ndugu yake huifuta 10.0.3.7 ndani ya jibu na kuandika anwani ya nje mahali pake. Msimamizi haoni lolote kati ya hayo, na kwa miaka mingi anaamini kwamba FTP inahitaji poti 21 tu.

Ukiwasha TLS, mkondo wa amri unasimbwa. Mteja na seva wanaelewana, lakini aliyekaa katikati anaona baiti zisizo na maana. Hakuna tena mstari wa 227 wa kusomwa, hakuna njia inayofunguliwa, na hakuna anwani inayorekebishwa. Ukuta-moto haukuharibika, umezibwa masikio tu, na kuuzibua ni sawa na kuuondoa usiri ambao TLS ililetwa ili kuulinda. (Kuna amri `CCC`, iliyoelezwa kwenye RFC 4217, inayorudisha mkondo wa amri kwenye maandishi wazi baada ya kuingia ili ukuta-moto usikie tena. Mimi siipendelei, maana majina ya mafaili na folda yanabaki hadharani, na si kila programu inaikubali.)

Hata bila TLS, kipande hicho si cha kutegemewa kama zamani. Tangu keneli ya Linux 4.7, hakijiunganishi chenyewe na poti 21 kwa chaguo-msingi. Lazima kanuni ya ukuta-moto ikiite waziwazi. Kwa hiyo seva iliyosasishwa inaweza kuonyesha dalili hizi hizi hata kwa FTP isiyosimbwa.

Suluhisho linalobaki ni moja: kama ukuta-moto hauwezi kuambiwa poti ipi inakuja, basi seva ichague poti zake ndani ya mfululizo mdogo unaojulikana, na mfululizo huo ufunguliwe moja kwa moja.

## Kosa la kuweka mfululizo upande usio wake

Hapa ndipo muda mwingi hupotea. Mtu anasoma orodha ya mipangilio ya lftp, anakutana na `ftp:port-range`, anafurahi, anaandika `set ftp:port-range 30000-30099`, kisha anajaribu tena na kukuta hakuna kilichobadilika.

Hakuna kilichobadilika kwa sababu mpangilio huo unahusu poti za upande wa mteja katika modi amilifu, pale lftp inapofungua poti yake na kuisubiri seva. Katika modi tulivu anayechagua poti ni seva peke yake, na lftp inakwenda inakoambiwa. Hakuna mpangilio wowote wa lftp unaoweza kuilazimisha seva ichague poti fulani. Mfululizo huwekwa kwenye programu ya seva, hufunguliwa kwenye ukuta-moto wa seva, na kama mtandao wa mteja unazuia miunganisho inayotoka, hufunguliwa na huko pia. Ukimwona mtu anahangaika na `ftp:port-range` huku `ftp:passive-mode` yake ikiwa imewashwa, mwambie apumzike kidogo.

## Kuiona poti kwa macho

Kabla ya kubadilisha chochote, ni vizuri kujua pakiti inafia wapi. Uzuri wa lftp ni kwamba yenyewe ndiyo inayosimbua mazungumzo, kwa hiyo inaweza kukuonyesha kile ambacho ukuta-moto haukioni. Kwa mtu anayepima, mipangilio hii inatosha:

```
set ftp:ssl-force yes
set ftp:ssl-protect-data yes
set ftp:passive-mode yes
set net:timeout 15
set net:max-retries 1
debug 9
open -u mtumiaji ftp.example.org
ls
```

Mistari miwili ya muda na majaribio si mapambo. Kwa chaguo-msingi lftp husubiri dakika 5 kabla ya kukata tamaa, kisha hurudia tena na tena, jambo zuri kwa kazi ya usiku lakini adhabu kwa anayetafuta kosa. Kumbuka pia kwamba `open` haiingii kwenye seva mpaka amri ya kwanza inayohitaji seva itolewe; kutokuonekana kwa kosa baada ya `open` hakuthibitishi chochote. Na tafadhali usichanganye aina mbili za FTPS: anwani inayoanza na `ftps://` ndani ya lftp maana yake ni TLS tangu pakiti ya kwanza, kwa kawaida kwenye poti 990, wakati `ftp://` pamoja na `ftp:ssl-force` huanza kwenye poti 21 na kupanda hadi TLS kwa amri ya `AUTH TLS`. Ukigonga poti isiyo sahihi, kikao hukwama hata kabla ya kuingia, na hilo ni tatizo jingine kabisa.

Tuchukue mfano wa seva iliyo nyuma ya ruta, yenye anwani ya ndani 10.0.3.7 na ya nje 203.0.113.20, na mteja anayeonekana kutoka 198.51.100.9. Sehemu inayotuhusu ya maandishi ya lftp huwa hivi:

```
---> PASV
<--- 227 Entering Passive Mode (10,0,3,7,195,149)
---- Address returned by PASV seemed to be incorrect and has been fixed
---- Connecting data socket to (203.0.113.20) port 50069
```

Mstari wa tatu unastahili kusomwa polepole. Seva imetaja anwani yake ya ndani, ambayo mteja aliye mbali hawezi kuifikia. Kwa kuwa `ftp:fix-pasv-address` imewashwa kwa chaguo-msingi, lftp imegundua kwamba imeunganishwa na anwani ya nje huku ikipewa anwani ya ndani, ikaitupa ile iliyopewa na kutumia ile inayoijua. Poti haiguswi. Huu ni msaada mkubwa, lakini una upande wa pili: unaficha kosa la seva. Programu nyingine isiyo na huruma hiyo itakwenda 10.0.3.7 moja kwa moja na kukwama, na mtumiaji wake atasema "mbona kwa mwenzangu wa lftp inafanya kazi". Tena urekebishaji huu hauwezi kusaidia pale ambapo anwani zote mbili ni za ndani, kwa mfano mteja anapoifikia seva kupitia handaki la VPN kwa anwani ya 172.16 na seva inajitaja kwa ya 10.0.

Mstari wa nne ndio wa mwisho, na baada yake ni kimya. Sasa nenda kwenye seva, uache amri hii ikisikiliza, kisha mteja arudie `ls`:

```
tcpdump -ni eth0 'host 198.51.100.9 and tcp[13] & 2 != 0'
```

Amri hii huonyesha pakiti za SYN, yaani zile zinazobisha hodi kuanzisha muunganisho, pamoja na majibu yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba `tcpdump` huona pakiti inayoingia kabla ukuta-moto wa seva hiyo haujaigusa. Kwa hiyo ukiona hodi ya kwenda poti 50069 ikifika, ikirudiwa baada ya sekunde moja, kisha baada ya mbili zaidi, kisha nne, bila jibu lolote kutoka, mhalifu ni ukuta-moto wa seva yenyewe. Kama huoni hodi yoyote isipokuwa ile ya poti 21, basi imefia njiani: kwenye ruta iliyo mbele ya seva, kwenye kanuni za mtoa huduma wa wingu, au kwenye mtandao wa mteja unaoruhusu poti chache tu kutoka. Kujaribu kutoka mtandao mwingine hutenganisha haya mara moja. Na kama mteja anapata jibu la haraka la kukataliwa badala ya ukimya, kuna mtu anayejibu kwa RST, yaani pakiti ya kukataa muunganisho: ama ukuta-moto uliowekwa kukataa kwa adabu badala ya kutupa, ama hodi imefika kwenye mashine ambayo haisikilizi poti hiyo.

## Kuchagua mfululizo

Katika mfano wetu, seva ilikuwa ikitumia programu ya seva ya FTP iitwayo vsftpd, bila mpangilio wowote wa poti. Chaguo-msingi lake ni 0, maana yake poti yoyote, na ndiyo sababu tuliona 50069 leo na tutaona namba tofauti kabisa kesho. Hakuna ukuta-moto unaoweza kufunguliwa kwa busara katika hali hiyo.

Ukubwa wa mfululizo unategemea idadi ya mikondo ya data inayoweza kuwa wazi kwa wakati mmoja, si idadi ya akaunti. Kosa la kawaida ni kuhesabu mteja mmoja kama poti moja. Mtu anayeendesha `mirror --parallel=4` ana vikao vinne, kila kimoja na mkondo wake wa data, na anayepakua faili moja kubwa kwa `pget -n 5` ana vitano. Wateja 10 wa namna hiyo ni poti 50 kwa pigo moja. Mimi huchukua idadi ninayoitarajia na kuizidisha mara mbili. Poti 100 zinatosha kwa seva nyingi za kubadilishana mafaili.

Mahali pa kuuweka mfululizo pana maana pia. Linux kwa kawaida hutumia poti 32768 hadi 60999 kwa miunganisho inayotoka kwenye mashine yenyewe. Ukiweka poti za FTP ndani ya eneo hilo, siku moja programu nyingine kwenye seva itakuwa imeikalia poti ambayo vsftpd ilitaka kuitumia. Hiyo si ajali kubwa, kwa kuwa vsftpd itajaribu nyingine, lakini hakuna sababu ya kugombania kiti wakati vingine viko wazi. Ndiyo maana nachagua 30000 hadi 30099, chini ya 32768, baada ya kuhakikisha kwa `ss -ltn` kwamba hakuna huduma nyingine inayosikiliza humo.

Kwenye faili la mipangilio la vsftpd, mistari ni hii, bila nafasi kuzunguka alama ya usawa, kwa sababu vsftpd haizivumilii:

```
pasv_enable=YES
pasv_min_port=30000
pasv_max_port=30099
pasv_address=203.0.113.20
```

Anayetumia ProFTPD huandika `PassivePorts 30000 30099` na `MasqueradeAddress 203.0.113.20`, na maana ni ile ile. Baada ya kuwasha upya huduma, fungua poti kwenye ukuta-moto wa seva. Kwa firewalld:

```
firewall-cmd --permanent --add-port=30000-30099/tcp
firewall-cmd --reload
```

Kwa nftables, ambapo jedwali linaitwa `filter` na mnyororo `input`:

```
nft insert rule inet filter input tcp dport 30000-30099 accept
```

Nimeandika `insert` kwa makusudi. Neno `add` huiweka kanuni mwishoni mwa mnyororo, na kama mwishoni kuna kanuni inayotupa kila kitu, kanuni yako mpya haitafikiwa kamwe ingawa utaiona imeorodheshwa. Kanuni hii pia hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo ikishathibitika iandikwe kwenye faili la kudumu.

Kama mbele ya seva kuna ruta inayoelekeza poti, mfululizo wote uelekezwe kwa namba zile zile: 30000 ya nje iwe 30000 ya ndani, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Poti 21 unaweza kuihamishia kwenye namba nyingine nje ukipenda, kwa sababu mteja huambiwa mapema. Poti za data huwezi, maana namba anayopewa mteja ni ile ambayo seva inaijua, na hakuna tena mtu katikati wa kuitafsiri.

Wapo wanaoogopa kufungua poti 100 kwenda mashine moja. Hofu hiyo ina msingi mdogo kuliko inavyoonekana: poti hizo hazina anayesikiliza mpaka mteja aliyekwisha kuingia aombe, na anayebisha kabla ya hapo hukuta hakuna mtu. Isitoshe, vsftpd kwa chaguo-msingi hulinganisha anwani inayofika kwenye mkondo wa data na ile ya mkondo wa amri, na zikitofautiana humkataa mgeni.

## Kuthibitisha, na makosa yanayofanana na haya

Rudi kwenye lftp na uandike `rels`, si `ls`. Amri ya `ls` inaweza kukurudishia orodha iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya lftp bila kugusa mtandao, wakati `rels` huiomba upya. Sasa jibu litakuwa na sura mpya:

```
<--- 227 Entering Passive Mode (203,0,113,20,117,83)
---- Connecting data socket to (203.0.113.20) port 30035
```

Mfululizo huu una uzuri wake. Kwa kuwa 117 mara 256 ni 29952, poti zote kuanzia 30000 hadi 30099 hubeba 117 kama namba ya tano, na namba ya sita huwa kati ya 48 na 147. Huhitaji tena kupiga hesabu. Ukiona 117 unajua mpangilio umeshika, na ukiona namba nyingine yoyote unajua seva haijasoma faili uliloligusa. Ule mstari wa kurekebisha anwani nao umetoweka, kwa sababu sasa seva inataja anwani ya kweli.

Kutaja anwani ya nje kuna gharama yake: wateja walio ndani ya mtandao mmoja na seva nao watatumwa nje wakarudi, na ruta nyingi hazikubali safari hiyo. Hapo `set ftp:prefer-epsv yes` husaidia. Amri ya `EPSV`, iliyoletwa na RFC 2428 mwaka 1998, hujibiwa kwa poti peke yake:

```
229 Entering Extended Passive Mode (|||30035|)
```

Hakuna anwani ya kukosea, kwa hiyo mteja hutumia ile ile aliyoanza nayo. Ila tusidanganyane: `EPSV` hutatua tatizo la anwani tu. Poti 30035 bado inatakiwa kuwa wazi.

Kuna makosa mawili yanayotokea mahali hapo hapo lakini hayahusiani na poti, na kinachoyatofautisha ni kwamba seva inajibu badala ya kunyamaza. La kwanza ni `425 Security: Bad IP connecting.` Hilo ndilo lile linganisho la anwani nililolitaja. Hutokea pale mtandao wa mteja unapotoka nje kwa anwani kadhaa, mkondo wa amri ukapitia moja na wa data ukapitia nyingine. Dawa iliyo salama ni kumwomba msimamizi wa mtandao wa mteja aifunge mashine hiyo kwenye anwani moja. Kuwasha `pasv_promiscuous` kwenye seva kunaondoa kosa pamoja na ulinzi wenyewe.

La pili ni jibu la 522 linalotaja `session reuse required`. Hapo muunganisho umefika vizuri na ukuta-moto hauna hatia. Vsftpd inadai mkondo wa data utumie tena kikao cha TLS cha mkondo wa amri, ili ijue kwamba ni mtu yule yule. Upande wa lftp, mpangilio unaohusika ni `ftp:ssl-copy-sid`, nao uwe umewashwa. Ikishindikana hata hivyo, msimamizi wa seva anaweza kuweka `require_ssl_reuse=NO`, lakini lifanywe baada ya kusasisha programu za pande zote mbili, si kabla.

Linabaki kosa gumu kuliko yote, lile linalokuja na kuondoka. Orodha inafanya kazi, mafaili 60 yanapakuliwa, la 61 linakwama, kisha yanaendelea. Angalia poti ya lile lililokwama kwenye maandishi ya `debug`. Kama iko ndani ya mfululizo, linganisha kwa makini mipaka kwenye seva, kwenye ukuta-moto na kwenye ruta. Mara nyingi mtu mmoja ameandika 30099 na mwingine 30090, na ni poti 9 tu kati ya 100 zinazoangukia kwenye pengo. Kama iko nje ya mfululizo na seva ni ProFTPD, basi poti zimekwisha: programu hiyo ikikosa nafasi ndani ya `PassivePorts` huchukua poti yoyote inayopewa na mfumo, huandika ujumbe kwenye logi yake, na kumtuma mteja kwenye mlango ambao haujafunguliwa. Hapo ama mfululizo uongezwe kila mahali kwa pamoja, ama mtumiaji wa `mirror` apunguze namba aliyoiweka kwenye `--parallel`.